Jamu ya Nairobi haingoji digrii 105

(Hotuba niliyowapa wapishi wa jamu wa nyumbani katika ukumbi wa kanisa, Dagoretti, nikaiandika baadaye kwa wale ambao hawakufika.)

Akina mama, akina baba na vijana wetu, hamjambo. Kabla sijaanza, nimemwomba dada aliye karibu na friji aweke visahani vitatu vya udongo ndani ya friza. Tutavihitaji baadaye kidogo, na kisahani kisipokaa humo angalau robo saa hakifai kwa kazi yetu.

Nitaanza na sufuria niliyoiharibu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilipoanza kupika jamu ya kuuza nilikuwa na kitabu cha mapishi kilichotoka ng'ambo. Kitabu kilisema jamu ikifika digrii 105 imeiva, zima moto. Nikanunua themometa, nikaitumbukiza kwenye stroberi na kungoja. Ilipanda hadi 99, ikapanda hadi 100, kisha ikawa inajikokota. Nikaongeza moto. Rangi nyekundu ikaanza kugeuka kahawia, harufu ya stroberi ikawa harufu ya peremende, mapovu yakawa mazito na kupasuka polepole kama uji. Nikavumilia, kwa sababu kitabu kilisema 105. Ilipofika nikajaza chupa kwa furaha. Kesho yake kijiko hakikuingia. Zile chupa zilizokaa wiki mbili zikaota chembe za sukari pembeni, zikawa zinalia chini ya meno kama mchanga.

Kitabu hakikuwa na kosa lolote. Kiliandikwa kwa ajili ya jiko lililo karibu na usawa wa bahari. Mimi nilikuwa Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, na hilo ndilo jambo nililokuja kuwaeleza leo.

Themometa ndani ya jamu inapima nini hasa? Watu wengi hudhani inapima kuiva. Kwa kweli inatuonyesha ni sukari kiasi gani iliyomo ikilinganishwa na maji. Maji matupu yakichemka hayapiti kiwango chake, hata ukiyawekea moto wa namna gani. Ukiyatia sukari kiwango hicho kinapanda, na kadiri maji yanavyotoka kwa mvuke na sukari kubaki, ndivyo kinavyozidi kupanda. Jamu hushika vizuri sukari yote, ya kwenye tunda na ile uliyoongeza, inapofikia kama asilimia 65 ya uzito wa kilichomo sufuriani. Mchanganyiko wa namna hiyo huchemka digrii 4 hadi 5 juu ya maji matupu. Hizo 4 hadi 5 ndizo za kukumbuka. Ile 105 ni jumla tu ya 100 ya maji ya pwani na hizo 5.

Sasa, maji ya Nairobi hayachemki kwenye 100. Hewa huku juu ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama kule Mombasa, kwa hiyo yanachemka mapema. Kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza digrii moja. Hapa tulipo maji yanachemka kwenye 94 na kitu. Ongeza 4 na nusu juu yake, unapata karibu 99. Hapo ndipo jamu ya Nairobi inaposhikia. Aliye Limuru, mita kama 2,200, maji yake yanachemka karibu na 93, na jamu yake itashika kwenye 97 hivi. Dada yangu anayepika Mombasa anangoja 104 na nusu, na yuko sahihi kabisa. Sukari ni ileile na tunda ni lilelile, ila nambari zetu zimepishana.

Themometa nyingine za jikoni zina mstari uliochorwa kabisa kuonyesha mahali pa jamu, na mstari huo uko kwenye 105. Tafadhali usiufuate hapa. Ukisubiri 105 Nairobi, umepita maji kwa digrii 10 na zaidi, na sukari imefika karibu asilimia 80. Hiyo si jamu tena, ni peremende laini. Na pektini, ile gundi ya tunda inayoishikisha jamu, ikitokota muda mrefu namna hiyo huanza kukatika. Ndiyo maana jamu iliyopikwa kupita kiasi wakati mwingine huwa ngumu na yenye kunata kwa pamoja: inavutika kama asali nzito wala haikatiki kwa kijiko.

Mzee mmoja hapa mbele ameniuliza, je, nikariri hiyo 99? Hapana, baba. Kila mara unaponunua themometa mpya, chemsha maji matupu kwenye sufuria, maji ya kutosha kuzamisha ncha ya themometa bila kugusa chini. Yakitokota kwa nguvu, acha themometa ndani dakika moja au mbili, usome. Yangu hii inasoma 95 kwenye maji ya hapa. Haina maana kwamba maji yanachemka kwenye 95 kamili. Huenda themometa yangu imezidisha kidogo. Hainisumbui. Nikiongeza 4 na nusu juu ya nambari ninayoiona, kosa la themometa na mwinuko wa mahali vimefidiwa vyote viwili kwa mara moja. Andika nambari yako kwa kalamu ubandike ukutani juu ya jiko. Yangu inasema 99.5. Ya jirani yako inaweza kuwa 98 na jamu zenu zikafanana.

Na tafadhali, si themometa ya hospitali. Ile ya kupimia homa inaishia 42 na itapasuka. Wala si ile ya kulenga kwa mwanga kutoka mbali, kwa sababu inasoma povu la juu lililopoa. Unataka ile yenye ncha ndefu inayozama. Ncha ikae katikati ya jamu, isiguse chini ya sufuria maana pale joto limezidi, isiwe kwenye povu maana pale limepungua. Koroga kwanza ndipo usome.

Sasa nimeweka sufuria motoni, nanyi mnaniona. Stroberi kilo 1, sukari gramu 850, na maji ya malimau 2, kama vijiko vinne vikubwa. Nimechagua stroberi makusudi kwa sababu ndiyo inayowatesa wengi. Ina pektini kidogo na uchachu wake hautoshi, kwa hiyo bila limau inaweza kufika joto lake na isishike. Mbegu za limau na ile nyama nyeupe ya ganda vina pektini nyingi, basi nimezifunga kwenye kitambaa safi na kukitumbukiza ndani. Nitakikamua na kukitoa kabla ya kuongeza moto.

Kuna jambo la soko hapa lazima niliseme. Ukienda Marikiti asubuhi, utaonyeshwa beseni la stroberi zilizolegea, na muuzaji atakwambia kwa nia njema, "Hizi ni za jamu, mama, nakupunguzia." Zilizolegea zimeshaanza kupoteza pektini. Ladha yake ni tamu sana, naijua, lakini jamu yake itakukimbiza. Mimi huchukua nyingi zilizoiva sawasawa, na kama robo ambazo bado zina ubavu mweupe. Hizo za ubavu mweupe ndizo zinazoishikisha.

Moto wa kwanza ni mdogo, hadi sukari iyeyuke yote. Ukisikia mwiko unakwaruza chembe chini ya sufuria, bado. Jamu inayotokota na chembe ambazo hazijayeyuka ndiyo inayorudi kuota sukari chupani. Chembe zikiisha, moto mkubwa, mapovu yapande na yasishuke hata ukikoroga. Hapo ndipo unaangalia saa.

Dakika ngapi? Swali hili naulizwa kila siku, na jibu langu ni kwamba dakika hukwambia wakati wa kuanza kupima. Wakati wa kuzima huujui kwa saa. Sababu yake mnaweza kuiona kwa mizani. Sufuria hii imeanza na stroberi gramu 1,000, sukari 850, na limau kama 60, jumla gramu 1,910. Stroberi ni maji karibu yote. Kilicho kigumu ndani ya kilo moja ni kama gramu 80. Ukijumlisha na sukari unapata gramu 930 ambazo haziwezi kuruka na mvuke. Ili 930 ziwe asilimia 65, jamu yote lazima iwe na uzito wa gramu 1,430 hivi. Kwa hiyo gramu 480 za maji, karibu nusu lita, lazima zitoke. Jiko kubwa la gesi na sufuria pana yenye upana wa sentimita 30 vinaweza kuzitoa kwa dakika 12 hadi 18. Jiko la makaa lenye moto wa wastani litachukua nusu saa au zaidi. Sufuria nyembamba ndefu nayo itachelewesha, kwa sababu mvuke hauna pa kutokea. Ukiweka kilo 3 badala ya 1, maji ni mara tatu na moto ni uleule, basi muda unakaribia mara tatu, na stroberi iliyotokota saa nzima imepoteza rangi, harufu na gundi yake. Nawasihi mpike kilo moja au mbili kwa wakati, hata kama chupa ni nyingi.

Matunda mengine hutofautiana kwa maji yake na pektini yake. Plamu za Limuru huchemshwa kwanza peke yake na maji kidogo hadi maganda yalainike, na sukari ikishayeyuka mara nyingi dakika 5 hadi 10 zinatosha, kwa sababu zina pektini tele na zina uchachu. Mapera yaliyochujwa mbegu nayo ni ya haraka, kama 10, lakini hayana uchachu wa kutosha, kwa hiyo yatie limau. Embe naanza kulipima dakika ya 15. Nanasi ni la kuchelewa, 20 hadi 25, na peke yake halishiki vizuri. Mimi hulichanganya na mapera kidogo na ndimu. Mamaledi ya machungwa, sukari ikishaingia, naanza kuipima dakika ya 15, lakini kabla ya sukari maganda lazima yachemke hadi yabonyee kati ya vidole viwili. Huku kwetu hilo huchukua muda kuliko kitabu kinavyosema, maana maji yetu yanatokota yakiwa na joto dogo. Ukitia sukari mapema, ganda litabaki gumu milele. Muda huo wote nilioutaja ni wa kilo moja ya tunda, gesi ya nguvu na sufuria pana. Kwa jiko lako utakuwa mwingine.

Themometa imefika 98. Dada, kisahani cha kwanza.

Tazameni vizuri, na kwanza nazima moto. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote: mtu anapima kwenye kisahani huku sufuria inaendelea kutokota. Kipimo kinachukua dakika moja na zaidi, na kwa moto mkubwa dakika hiyo inatosha kabisa kukupitisha. Zima, kisha upime.

Nachukua nusu ya kijiko cha chai, si zaidi. Tone kubwa halipoi kwa wakati, litakudanganya. Naliweka katikati ya kisahani, narudisha ndani ya friji dakika moja. Sasa natoa, nasukuma ukingo wa tone kwa kidole, polepole. Mnaona? Kidole kimepita na jamu imerudi kuziba njia kama mchuzi. Uso haukukunjamana. Bado. Narudisha moto, dakika mbili.

Wakati tunangoja, mama mmoja ameuliza kwa nini tupime kwa kisahani ikiwa themometa ipo. Swali zuri sana. Themometa huona sukari tu. Haijui kama pektini ipo, wala haijui kama uchachu unatosha. Unaweza kuchemsha maji na sukari bila tunda lolote hadi 99 hapa Nairobi, na themometa itakwambia imeiva, lakini utapata shira. Kisahani huona vyote vitatu kwa pamoja, kwa sababu kinaigiza kile kitakachotokea chupani ikipoa. Ila kisahani nacho kina udhaifu: kikiwa vuguvugu kitakwambia bado wakati tayari, na mtu mwenye hofu ataendelea kupika. Ndiyo sababu nilitaka visahani vya udongo na si sahani ya plastiki. Udongo hushika baridi, plastiki inaipoteza mara tone linapogusa.

Themometa na kisahani vikipingana, sikiliza vinachosema. Themometa imefika nambari yako na kisahani bado kinatiririka? Hapo sukari imetosha, kilichopungua ni uchachu au gundi. Kuongeza moto hakutasaidia, kutaleta ile peremende yangu ya mwaka wa kwanza. Tia maji ya limau moja, chemsha dakika moja au mbili, pima tena. Kinyume chake, kisahani kimekunjamana na themometa iko chini, tuseme 96 au 97? Hutokea sana kwa mapera na plamu, kwa kuwa gundi ni nyingi mno. Ukitaka jamu laini ya kuliwa nyumbani, zima hapo hapo. Lakini fahamu kwamba sukari haijafika mahali pa kuilinda. Chupa hiyo ikifunguliwa ikae friji na iliwe upesi, la sivyo itaota ukungu. Jamu ya kuuza dukani, ambayo itakaa rafuni bila friji, mimi siiuzi ikiwa chini ya nambari.

99 na nusu. Nazima. Kisahani cha pili.

Dakika moja imepita. Kidole kinasukuma, na tazameni uso wake: umejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na njia niliyoifungua imebaki wazi. Hiyo ndiyo alama. Haihitaji kuwa ngumu. Tone likisimama kama mpira kwenye kisahani umeshapita.

Sasa mizani, kwa wanaotaka kuamini zaidi. Nilipima sufuria tupu pamoja na mwiko kabla ya kuanza, zikawa gramu 910. Naweka ubao juu ya mizani ili joto lisiiharibu, naiweka kwenye sifuri, kisha sufuria. Inasoma 2,350. Toa 910, inabaki 1,440. Tulitarajia 1,430. Ningeisubiri 105 zingebaki chini ya gramu 1,200, na hiyo tofauti ni karibu chupa nzima ya gramu 250 iliyoruka na mvuke. Kwa anayeuza, hiyo ni chupa ya faida kutoka kila kilo ya tunda, pamoja na gesi aliyoichoma kuipoteza.

Usiijaze chupani mara moja, stroberi zitaelea juu na chini ibaki rojo tupu. Iache kama dakika 10, ikoroge taratibu, kisha ijaze ikiwa bado moto, isishuke chini ya 85, kwenye chupa safi zenye moto. Usiinamishe chupa jioni hii kuangalia kama imeshika. Ipe hadi kesho, kwa sababu gundi huendelea kujifunga saa nyingi baada ya kupoa, na ukiitikisatikisa inajivunja.

Swali la mwisho limetoka kwa kijana aliye nyuma: amepika jamu ya nanasi juzi, chupa sita, na leo bado inamwagika. Afanye nini? Usiitupe, mwanangu. Pima kwanza moja. Mimina chupa moja kwenye sufuria, ichemshe, na usome themometa mara inapotokota. Ikichemka kwenye 96 au 97, maji hayakutoka yote, kwa hiyo zirudishe zote sita, chemsha hadi nambari yako, kisha kisahani. Ikichemka moja kwa moja kwenye 99 au zaidi, sukari ilishatosha juzi, na nanasi lako lilikosa gundi na uchachu. Usiikaushe tena. Chukua mapera mawili matatu yasiyoiva sana, yachemshe na maji kidogo hadi yalainike, yachuje kwa kitambaa, tia ule urojo pamoja na maji ya ndimu mbili, chemsha mpaka irudi kwenye nambari, upime kwa kisahani. Osha chupa zako na uzipashe moto upya kabla ya kujaza, na vifuniko vitafute vipya, kwa sababu vile vya juzi havitabana tena.